Mwaka Shule za Msingi Zilipofurika

PICHA: Chati ya nguzo; mhimili uanzie sifuri, tusidanganye macho.

SAUTI: Mwaka 2002, shule za msingi Kenya zina wanafunzi wapatao milioni 5.9.

PICHA: Nguzo ya buluu inapanda taratibu, inasimama namba ikimalizika kutamkwa.

SAUTI: Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki inafuta karo.

PICHA: Kimya, sekunde moja. Nguzo ya pili isikurupuke!

SAUTI: Milioni sita... milioni saba... milioni 7.2.

PICHA: Nguzo ya kijani inaruka kwa kila namba, inaipita ya buluu.

SAUTI: Mwaka uliofuata, mjini Eldoret, darasa la kwanza linampokea Kimani Maruge: kaptura, soksi ndefu, miaka 84.

PICHA: Kitone chekundu kinatua juu ya nguzo.