Mstari wa Matukio: Kugawanywa kwa Pwani ya Afrika Mashariki, 1884–1891

U ni Ulaya, S ni Sultani wa Zanzibar, P ni pwani na bara. Mshale (←) unakurudisha kwenye tukio lililozaa hili. Pasipo na mshale, matukio yamefuatana kwa tarehe tu. Usiandike kwamba moja limeleta jingine.

1. Nov–Des 1884 (P): Karl Peters awawekesha sahihi za mikataba machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami.

2. 15 Nov 1884–26 Feb 1885 (U): Mkutano wa Berlin. Wengi hujikwaa hapa. Ulipofunguliwa, Peters alikuwa tayari bara, na haukuchora mipaka ya Afrika Mashariki. Chora 1 na 2 bega kwa bega, si moja chini ya jingine.

3. 27 Feb 1885 (U): Kaizari Wilhelm I wa Ujerumani aipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi ← 1. Itazame tarehe: ni siku moja baada ya wajumbe kutawanyika.

4. Apr–Ago 1885 (S): Sultani Barghash apinga ← 3. Manowari za Kijerumani zatia nanga Unguja, naye alazimika kukubali.

5. 1886 (U): Waingereza na Wajerumani wagawana bara ← 3, 4. Sultani abakiziwa ukanda wa maili 10. Hiki ndicho kiini cha sura nzima: kampuni ya Kijerumani ina nchi, lakini bandari za kuingilia ni za Sultani.

6. Machi 1888 (S): Barghash afariki, Khalifa atawazwa.

7. Apr 1888 (S): Khalifa aikodisha kampuni utawala na ushuru wa ukanda kwa miaka 50 ← 5. Si ← 6. Kampuni ilihitaji bandari hizo, sultani awe nani.

8. Ago–Sep 1888 (P): Vita vya pwani ← 7. Abushiri bin Salim aongoza Pangani, Bwana Heri Saadani. Tenga cheche na kuni. Cheche ni ugomvi wa bendera na ubabe wa Emil von Zelewski, mtu wa kampuni, huko Pangani. Kuni ni ushuru, madaraka ya maliwali na biashara ya misafara kupita mikononi mwa wageni. Jibu lenye cheche peke yake halijaeleza vita.

9. 1889 (U, P): Kansela wa Ujerumani, Bismarck, amtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodiwa, wengi Wasudani waliopatikana Misri ← 8. Abushiri anyongwa Pangani, 15 Des. Bwana Heri asalimu amri 1890.

10. 1 Julai 1890 (U): Mkataba wa Heligoland. Zanzibar yaangukia Uingereza. Ujerumani yaununua ukanda kwa marki milioni 4 ← 5, 8.

11. 1 Jan 1891 (U, P): Serikali ya Ujerumani yaipokonya kampuni utawala ← 8.

12. 17 Ago 1891 (P): Vita vya Lugalo, Uhehe. Wahehe wa Mkwawa wamuua Zelewski, yule yule wa 8. Usiweke mshale: mtu ni mmoja, vita ni viwili.