Zoezi la Nyumbani: Jaribio la t la Sampuli Huru, Alama za Hisabati za Tatu Mashariki na Tatu Magharibi

Swali. Linganisha alama za mtihani za madarasa mawili kwa jaribio la t la sampuli huru. Kagua masharti, onyesha hesabu, kisha andika hitimisho ambalo mzazi asiyesoma takwimu anaweza kulielewa.

Data zilivyopatikana

Alama ni za mtihani wa Hisabati wa mwisho wa muhula katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Kisumu ninakofanyia mazoezi ya kufundisha. Madarasa yote mawili yalifanya karatasi moja, kwa wakati mmoja. Kila swali lilisahihishwa na mwalimu mmoja kwa madarasa yote, na karatasi zilikuwa na nambari za usajili tu, bila majina.

Niliandika nambari za wanafunzi kwenye vikaratasi, nikavikunja na kuokota 12 kutoka kila darasa. Upande wa Magharibi, wawili kati ya walioangukiwa na kura hawakufanya mtihani: walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nimebaki na 10. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko nilivyodhani nilipoanza.

Mashariki: 62, 55, 71, 50, 66, 61, 74, 54, 68, 61, 59, 63

Magharibi: 58, 47, 63, 51, 55, 44, 60, 66, 49, 57

Nadharia tete

H₀: μ₁ = μ₂, yaani wastani wa madarasa haya mawili hautofautiani.

H₁: μ₁ ≠ μ₂.

Jaribio ni la pande mbili, α = 0.05. Walimu kadhaa waliniambia mapema kwamba Mashariki ndio wakali, na ningeweza kupima upande mmoja tu. Sikufanya hivyo. Maneno ya chumba cha walimu hayatoshi kunifungia macho nisione matokeo ya upande wa pili.

Masharti

Sharti la uhuru ndilo zito, na hakuna hesabu inayoweza kulirekebisha likivunjika. Hakuna mwanafunzi aliye katika madarasa yote mawili, na alama za huyu hazikuoanishwa na za yule, kwa hiyo sampuli mbili ziko huru. Ndani ya kila darasa pia, wanafunzi walikaa dawati mbalimbali na msimamizi alikuwepo muda wote. Hata hivyo, wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, na mada aliyoikosea yeye wataikosea wengi kwa pamoja. Kwa maana hiyo alama zao hazikuachana kabisa. Nimeendelea na jaribio, lakini hitimisho langu linahusu madarasa haya mawili tu.

Sharti la mgawanyo wa kawaida: sampuli ni ndogo, kwa hiyo nilipanga alama na kuzitazama. Mashariki wastani ni 62 na alama ya kati ni 61.5, Magharibi wastani ni 55 na alama ya kati ni 56. Hakuna mkia mrefu upande wowote. Kwa kanuni ya robo (mara 1.5 ya umbali kati ya robo ya kwanza na ya tatu), alama ya Mashariki ingehesabiwa kuwa ya ajabu ikiwa chini ya 42 au juu ya 82, ya Magharibi, chini ya 32.5 au juu ya 76.5. Hakuna iliyotoka nje ya mipaka hiyo.

Sharti la varianisi kulingana: jaribio la Levene limetoa W = 0.07, ilhali thamani ya jedwali F(1, 20) ni 4.35. Sharti limetimia.

Hesabu

Mashariki: n₁ = 12, wastani 62, jumla ya miraba ya mikengeuko 546, varianisi 546/11 = 49.64, mkengeuko sanifu 7.05.

Magharibi: n₂ = 10, wastani 55, jumla ya miraba 460, varianisi 460/9 = 51.11, mkengeuko sanifu 7.15.

Varianisi ya pamoja:

s² = (546 + 460) / (12 + 10 − 2) = 1006 / 20 = 50.30

Kosa sanifu la tofauti:

√[50.30 × (1/12 + 1/10)] = √9.222 = 3.037

t = (62 − 55) / 3.037 = 2.305

Digrii za uhuru ni 20, na jedwali linatoa 2.086. Kwa kuwa 2.305 imezidi 2.086, H₀ inakataliwa; p = 0.032.

Mipaka ya uhakika ya 95%: 7 ± 2.086 × 3.037, yaani kutoka 0.67 hadi 13.33.

Ukubwa wa tofauti: d = 7 / √50.30 = 0.99.

Nilihakiki kwa R:

```r
mash <- c(62,55,71,50,66,61,74,54,68,61,59,63)
magh <- c(58,47,63,51,55,44,60,66,49,57)
t.test(mash, magh, var.equal = TRUE)
t.test(mash, magh)
```

Mstari wa mwisho ni njia ya Welch, ambayo haihitaji varianisi kulingana. Imetoa t = 2.30, digrii za uhuru 19.18, p = 0.033. Uamuzi haukubadilika.

Wale wawili wa karo

Niliwaza: je, kama wangefanya mtihani? Nikiwapa kila mmoja 55, wastani wa darasa lao, t inakuwa 2.54 dhidi ya 2.074 ya digrii 22, na tofauti inasimama. Nikiwapa 62 kila mmoja, ambayo ni alama ya kawaida kabisa kule Mashariki, wastani wa Magharibi unapanda hadi 56.17 na t inashuka hadi 2.03. Haifiki 2.074. Watoto wawili, tena bila alama za kushangaza, wangeugeuza uamuzi wote. Kurudishwa kwa karo hakupimi akili ya mtu, kwa hiyo sina sababu ya kudhani wangeanguka.

Hitimisho

Wanafunzi 12 wa Tatu Mashariki (wastani 62, mkengeuko sanifu 7.05) walipata alama za juu kuliko wanafunzi 10 wa Tatu Magharibi (wastani 55, mkengeuko sanifu 7.15), na tofauti hiyo ina maana kitakwimu, t(20) = 2.31, p = 0.032, d = 0.99, mipaka ya 95% ikiwa 0.67 hadi 13.33.

Kwa mzazi: kama madarasa haya mawili yangekuwa sawa, pengo la alama 7 au zaidi lingejitokeza kwa bahati ya kura takriban mara 3 katika kila 100. Ndiyo maana tunasema huenda pengo ni la kweli. Lakini ukubwa wake hatuujui vizuri: linaweza kuwa chini ya alama moja, linaweza kupita 13. Pia lilitegemea wanafunzi wawili ambao hawakuwepo.

Sababu ya pengo haimo katika hesabu hii. Mashariki wana mwalimu wao na husoma Hisabati asubuhi. Magharibi wana mwingine, na vipindi vyao vingi huangukia alasiri, jua la Kisumu likiwa limeshapasha mabati. Mwalimu na saa vimefungwa pamoja, na jaribio la t haliwezi kuvitenganisha. Mwalimu wa Magharibi asihukumiwe kwa nambari hizi. Muhula ujao naomba ratiba za madarasa haya zibadilishane, walimu wakibaki walipo, na wale wawili wakiwa wamerudi darasani nipime tena.