Taarifa ya Ugomvi Uliotokea Darasani, Kidato cha Pili B

KWA: Mkuu wa Shule
KUPITIA: Mwalimu wa Nidhamu
KUTOKA: Mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili B
TUKIO: Jumanne, 11 Februari 2025, kipindi cha Hisabati, kama saa 5:10 asubuhi
IMEANDIKWA: siku hiyohiyo, saa 8:40 mchana

Mkuu wa Shule,

Naleta taarifa ya ugomvi wa wanafunzi wawili wa darasa langu. Nimewaita Mwanafunzi A na Mwanafunzi B kwa sababu nakala itapita mikononi mwa walimu zaidi ya mmoja. Majina yao nimekukabidhi kwenye karatasi ya pembeni. Herufi zimefuata mpangilio wa daftari la mahudhurio tu; A si aliyeanza na B si aliyejibu. Wote wawili ni wavulana, mmoja ana miaka 14 na mwingine 15.

Nilichoona na kusikia mwenyewe

Nilikuwa naandika ubaoni mfano wa pili wa vipeo, mgongo ukiwa umelielekea darasa. Wanafunzi waliohudhuria walikuwa 58. Nilisikia sauti ya mvulana ikisema, "Rudisha, au utaona." Sikuitambua sauti hiyo ni ya nani. Nikamalizia mstari niliokuwa naandika. Kabla sijageuka nikasikia meza ikianguka.

Nilipogeuka, wote wawili walikuwa wamesimama kati ya safu ya tatu na ya nne kutoka dirishani. Mwanafunzi A alikuwa ameshika kola ya shati la Mwanafunzi B kwa mkono wa kushoto. Mwanafunzi B alikuwa ameshika kifundo cha mkono huohuo. Nilimwona A akimpiga B ngumi moja begani, na B akamsukuma A kwa mikono miwili kifuani hadi A akaegemea meza ya nyuma. Hayo ndiyo niliyoyaona. Kilichotokea kabla sijageuka sikukiona, kwa hiyo siwezi kuandika nani alimgusa mwenzake kwanza.

Niliita majina yao kwa sauti kubwa mara mbili. Hawakuachana. Nikaingia katikati kuwaamulia, nikamvuta A kwa shati, na kifungo cha pili cha shati lake kikakatika mkononi mwangu. Naandika hili ili mzazi akiuliza kuhusu kifungo, jibu lipatikane hapa: nilikikata mimi, si mwenzake. Kuanzia nilipogeuka hadi walipoachana ni chini ya dakika moja kwa makadirio yangu.

Wanafunzi wengine kadhaa walisimama, na wawili walisogea karibu. Sikuona mwingine yeyote akipiga wala kusukuma. Nasisitiza hili kwa kuwa saa 6 mchana nilisikia ofisini tukio likisimuliwa kuwa ni "vita vya makundi". Mimi niliona watu wawili.

Hali zao baada ya tukio

Mwanafunzi B alikuwa na mkwaruzo chini ya jicho la kushoto, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba, unaotoa damu kidogo. Alisema jicho haliumi na anaona vizuri. Mwanafunzi A hakuwa na jeraha ninaloweza kuliona. Alisema mgongo unamuuma pale alipogonga meza. Mwalimu wa huduma ya kwanza alimsafisha B kwa maji na sabuni saa 5:25. Nimeshauri aonwe kituo cha afya leo kwa sababu mkwaruzo uko karibu na jicho, na A naye apimwe mgongo.

Kuhusu bikari

Sehemu hii naomba isomwe polepole. Mkebe wa vifaa vya hesabu ulikuwa umeanguka na vilivyomo vikatawanyika: rula, kipimapembe, penseli mbili na bikari. Bikari niliiokota mwenyewe chini, karibu na mguu wa meza iliyoanguka, ikiwa imefungwa. Sikuiona mkononi mwa mwanafunzi yeyote. Sikuona damu juu yake. Mwanafunzi mmoja aliyekaa safu ya nne aliandika kwamba A "alikuwa na bikari". Nilipomuuliza kama aliiona mkononi, alijibu kwamba aliiona ikianguka kutoka kwenye mkebe. Mwanafunzi B mwenyewe alisema hajui kilichomkwaruza. Huenda ni kucha, huenda ni kona ya mkebe. Kwa hiyo sijaandika popote neno "silaha", na naomba lisiingizwe kwenye kitabu cha matukio kwa kutegemea taarifa hii. Bikari nimeifungia kwenye kabati la ofisi ya walimu.

Walichoniambia

Nilizungumza na kila mmoja peke yake, mwenzake asisikie.

Mwanafunzi A alisema mkebe ni wake, na B aliuchukua bila kumuomba, ikiwa ni mara ya tatu wiki hii na iliyopita. Alisema alipoudai, B alimsukuma kwanza.

Mwanafunzi B alisema aliazima mkebe jana kwa ruhusa ya A, na alikuwa anaurudisha. Alisema A aliunyakua akasema, wenzao wakisikia, "Mwambie mama yako auze maandazi zaidi akununulie." Alisema ndipo alipokasirika, lakini ngumi ya kwanza ilikuwa ya A. Alipofika kwenye maneno hayo alinyamaza akatazama chini kwa muda, nami sikumharakisha.

Maneno hayo mimi sikuyasikia. Wanafunzi watatu waliokaa karibu waliandika maelezo, kila mmoja kwenye karatasi yake, kabla ya kutoka darasani. Wawili wametaja maneno kuhusu maandazi, mmoja hakuyataja. Kuhusu nani alianza kugusa, mmoja anasema A, mmoja anasema B, mmoja anasema hakuona. Karatasi zote tatu nimeziambatanisha bila kusahihisha hata herufi.

Hatua nilizochukua

Nilimpeleka A kwa mwalimu wa zamu na B kwenye huduma ya kwanza, wakakaa vyumba tofauti hadi saa 7. Wazazi wa wote wawili nimewapigia simu. Niliwaeleza kwamba watoto wamepigana, hali zao zikoje, na kwamba ofisi yako itawaita. Mama wa B aliuliza kosa ni la nani. Nilimjibu kwamba bado sijui.

Sikutoa adhabu yoyote. Uamuzi huo ni wako, na kama itafikiriwa viboko, kanuni za mwaka 2002 zinataka idhini yako na kumbukumbu ya maandishi. Ombi langu ni kwamba wote wawili wasikilizwe kwanza, na wazazi wasikutanishwe kabla hatujaongea na kila upande.

Jambo moja la nyongeza. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba mmoja wa vijana hawa "amezoea kugombana tangu Kidato cha Kwanza". Nimepekua daftari la nidhamu la darasa la mwaka 2024 na la Januari hii, sikukuta jina lake wala la mwenzake. Sikuona sababu ya kuliweka hilo kwenye maelezo ya leo.

Kesho B atakaa safu ya mbele karibu na mlango, na A atabaki alipo. Nimewaambia wote wawili kwamba mabadiliko hayo ni ya kuwatenganisha tu, si adhabu. Kuhusu vifaa, nimehesabu darasani: mikebe ni 21 kwa wanafunzi 58. Naomba ofisi ione kama inawezekana kununua michache ikae kabatini kwa kuazimisha.

Mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili B

Nakala: Mwalimu wa Malezi na Ushauri Nasaha
Viambatanisho: maelezo ya wanafunzi watatu, kurasa 3