Pantoni ya Mario

"Hivi huyu kijana kadondosha nini hapo mwanzo, mbona anarudi palepale?"

Aliyeuliza ni mama yangu, kasimama mlangoni na ungo wa mchele. Ilikuwa Jumamosi usiku, sebuleni kwetu Tabata. Mpwa wangu, wa kidato cha tatu, alikuwa ameunganisha simu na televisheni ili tumtazame kijana fulani wa ughaibuni akicheza Super Mario Bros. mubashara. Mario anakimbia, anaruka, anaufikia mlingoti wa bendera, nusu dakika haijatimia, kijana anabonyeza kitufe na gemu inaanza upya. Kisha tena. Kisha tena. Mpwa wangu alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipofika mara ya thelathini na kitu akaacha.

"Anatafuta rekodi, bibi," alimjibu.

"Rekodi ya kuanza?"

Swali la mama lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kusoma kuhusu spidirani, huo mtindo wa kukimbiza gemu kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa muda mfupi kuliko binadamu mwingine yeyote. Wahariri wa jarida hili walinitaka niamue kama ni michezo, sanaa za maonyesho au ufumbuzi wa mafumbo. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Nianze na kijana yule na kinachomrudisha mwanzo. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985, ina dunia 8 zenye hatua nne nne, yaani 32 kwa jumla. Anayekimbia kwa kanuni za any%, ambazo hazimdai chochote ila kufika mwisho, hupita hatua nane tu: 1-1, 1-2, anarukia 4-1 na 4-2, kisha dunia ya 8 nzima. Yote hayo kwa chini ya dakika tano. Sasa, mashine ile huchora picha kama 60 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Katika hatua nyingi, ukishamaliza, gemu haikuvushi papo hapo. Inasubiri zamu, na zamu huja kila baada ya fremu 21, sawa na theluthi moja ya sekunde na ushee.

Wenyewe huieleza kwa mfano wa basi linaloondoka kwa ratiba. Kwa msomaji wa Dar es Salaam basi halifai, maana daladala huondoka ikijaa. Chukua pantoni ya Kigamboni. Ukifika Magogoni dakika tano kabla geti halijafunguliwa, au dakika moja kabla, mtavuka pamoja. Mbio zako zote za kutoka Posta hazikukupa kitu. Ila ukichelewa kwa hatua mbili na geti likafungwa usoni pako, umepoteza pantoni nzima.

Ndiyo maana kijana yule alikuwa anaanza upya. Alikosa pantoni ya 1-1. Na pantoni ya 1-1 mabingwa hawaikosi, kwa hiyo kuendelea ni kupoteza usiku.

Mwezi Oktoba 2016, mkimbizaji anayejiita darbian aliweka 4:56.878, wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 57. Mwaka 2021 Niftski akawa wa kwanza chini ya 4:55, kwa 4:54.948. Miaka isiyofika mitano, watu kadhaa, maelfu ya usiku kama ule, kwa kupunguza sekunde ambazo hazifiki mbili. Ukiniambia hapo kwamba si michezo kwa sababu mtu amekaa kwenye kiti, nitakuomba uniondolee kwanza kulenga shabaha kwenye Olimpiki. Wapo wakimbizaji wanaovaa kifaa cha kupima mapigo ya moyo na kuiweka namba pembeni ya skrini. Wakifika 8-4 wakiwa na muda mzuri, namba ile hupanda kama ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Na hatua hiyo ya mwisho haina pantoni. Kila fremu inahesabika hadi Mario aguse shoka linalomaliza gemu. Umebanwa dakika nne na ushee, halafu unaambiwa sasa ndipo uwe sahihi kabisa.

Michezo pia inataka mwamuzi, na huku wapo. Kwa zaidi ya miongo mitatu Todd Rogers alitambuliwa kwa muda wa sekunde 5.51 katika Dragster, gemu ya Atari ya mbio za magari, aliodai kuuweka mwaka 1982. Watu wakaifungua programu ya gemu yenyewe, wakapitia kila ingizo linalowezekana, wakakuta haiwezi kushuka chini ya 5.57. Mwaka 2018 rekodi ikafutwa. Ningependa kuona riadha ikiwa na uwezo huo, wa kumwambia mtu kwamba miguu ya binadamu haiendi hivyo na huu hapa ushahidi.

Lakini hebu tazama kilichomwangusha Rogers. Haikuwa mbio. Ilikuwa watu waliokaa na kulichambua gemu kama fumbo.

Hapo ndipo nilipoanza kubadili msimamo. Turudi kwa Mario, hatua ya 4-2. Njia ya kwenda dunia ya 8 iko juu ya mmea unaochipuka kutoka kwenye tofali lililofichwa, na kuukwea kunakula muda. Hatua hiyohiyo ina bomba linalokushusha kwenye chumba cha sarafu, kisicho na maana kwa mwenye haraka. Sasa gemu huamua bomba litakupeleka wapi kwa kuangalia skrini imesogea umbali gani, haimwangalii Mario mwenyewe. Watu wakagundua kwamba Mario akijigonga kwenye matofali kwa namna fulani, anasukumwa mbele kidogo kuliko mahali anapostahili kuwa kwenye skrini. Akifanya hivyo vya kutosha, anaingia bombani kabla gemu haijabadilisha anwani. Bomba la sarafu linampeleka kule ambako mmea ungempeleka.

Hakuna aliyeona hilo kwa kukimbia haraka. Liligunduliwa kwa kukaa chini na kuuliza, "Hivi hii kitu inajuaje niko wapi?" Ni akili ya wazee wa bao. Ukisimama nyuma ya fundi wa bao utamwona ameganda, mkono juu ya shimo, hajagusa kete hata moja, huku kichwani ameshazungusha raundi tatu na kujua atalala shimo gani. Na wale watazamaji wanaomzonga, baadhi yao hawachezi vizuri kabisa, lakini wanaona mtaji ambao yeye hajauona. Spidirani ina watu hao. Kuna wawindaji wa hitilafu ambao hawana rekodi hata moja, na bila wao wenye rekodi wangekuwa bado wanakwea mmea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na wa jarida wanisamehe kwa kuwarudishia swali likiwa limepinda: inategemea gemu ina umri gani mikononi mwa watu. Gemu ikiwa mbichi ni fumbo, na kila wiki mtu anakuja na mlango mpya. Fumbo likikauka kinachobaki ni michezo, tena ya aina katili. Super Mario Bros. imekaribia kukauka. Kuna mbio zilizotungwa fremu kwa fremu na watu wakitumia zana za kompyuta, zinazoonyesha mahali dari lilipo, na binadamu sasa yuko chini yake kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Mbio hizo zina orodha yake mbali na za binadamu, na hakuna anayelalamika. Sisi tulilielewa hilo Vienna mwaka 2019, Kipchoge alipomaliza marathoni kwa 1:59:40 akiwa na vikosi vya kumkata upepo vinavyopokezana. Tulishangilia na machozi yakatutoka, na bado haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia.

Kuna wakati fumbo hufunguka sana hadi michezo inakosa uwanja. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, ya mwaka 1998, ni safari ya saa nyingi kwa mchezaji wa kawaida. Siku hizi any% yake inakwisha chini ya dakika 4, bila shujaa kutoka nje ya msitu anakoanzia. Gemu inadanganywa iendelee kukumbuka kitu ambacho imeshakifuta, na kupitia kosa hilo mchezaji anachezea kumbukumbu ya mashine hadi inaruka yenyewe kwenye majina ya mwisho. Naliheshimu sana hilo, lakini silifurahii kulitazama. Ni kama kumwangalia mtu akijaza fomu.

Sanaa je? Nilikuwa mgumu hapo. Games Done Quick, tamasha lililoanza mwaka 2010, limechangisha zaidi ya dola milioni 50 kwa mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka, na wanaokimbiza gemu pale jukwaani huongea, hutania na hucheza na ukumbi. Hiyo kwangu ni burudani, na burudani haihitaji kujiita sanaa ndiyo iheshimiwe.

Kisha nikaona walichofanya kiangazi cha mwaka 2022. Mkimbizaji aliiandaa Ocarina of Time kwa hitilafu ileile ya kumbukumbu, kwa mikono yake, halafu kompyuta ikachukua nafasi ya pedi na kuingiza amri kwa kasi isiyo ya binadamu. Mashine ilikuwa ya kawaida na kaseti haikuguswa. Gemu ikaanza kujiandika upya mbele ya macho yetu, ikatengeneza hadithi ambayo haikuwamo, na shujaa akaipata Triforce, ile pembetatu ya dhahabu ambayo watoto wa miaka ya tisini waliapiana shuleni kwamba inapatikana ukijua siri. Haikuwa ikipatikana. Mwishoni, ujumbe wa watazamaji uliotumwa usiku uleule ukaonekana ndani ya gemu.

Hakuna aliyekuwa akishindania muda. Fumbo lilishafumbuliwa kabla hatujafika. Walichofanya ni kuutimiza uongo wa watoto. Sisi pia tulikuwa na wa kwetu: mtaani kulikuwa na kijana aliyeapa kwamba kaseti yake, iliyoandikwa gemu 999999 na kumbe zilikuwa nane, ina Mario anayefika Afrika. Tulimpa zamu mara mbili zaidi kwa ajili ya uongo ule.

Tangu usiku ule wa ungo wa mchele, mpwa wangu anashinda kwenye kompyuta yangu akijaribu kitu kimoja: kumfanya Mario ajipachike kwenye tofali lililo chini ya mlingoti wa 1-1 ili bendera isishuke, na hivyo asisubiri. Siku ya kumi na moja alinipigia simu kazini, anahema.

"Mjomba, imekubali! Bendera haikushuka!"

"Video iko wapi?"

Kimya.

"Bibi ameona," akasema.

Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma, inatoka jikoni: "Nimeona nini?"