Sehemu ya 4: Tathmini ya Mvua na Mtiririko wa Maji – Lambo la Mifugo, Wilaya ya Chamwino

4.1 Takwimu zilizotumika

Korongo litakaloleta maji lamboni halijawahi kupimwa mtiririko, hivyo kiasi cha maji kimekadiriwa kutokana na mvua. Msingi ni takwimu za kila siku za kituo cha Dodoma cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, 1981 hadi 2020, zikilinganishwa na makadirio ya satelaiti ya CHIRPS. Kidakio, yaani eneo linalotiririsha maji yake korongoni (km² 14.2), kimechorwa kwa ramani ya miinuko ya SRTM, kisha mpaka wake ukahakikiwa kwa miguu.

Daftari la kipimamvua cha shule ya kijiji limetumika kwa uangalifu. Karibu kila mwaka, nusu ya pili ya Desemba haina kitu: shule imefungwa, na hapo ndipo mvua za masika ya huku zinapokolea. Nafasi hizo zimehesabiwa kuwa takwimu zinazokosekana, si siku kavu. Atakayezijumlisha kama sifuri atapata eneo kame kuliko lilivyo.

4.2 Maji yatakayoingia

Mvua ya wastani ni mm 570, karibu yote ikinyesha Novemba hadi Aprili. Hata hivyo, lambo halisanifiwi kwa mwaka wa wastani, kwani mfugaji huhitaji maji zaidi mwaka mbaya. Tumetumia mvua inayofikiwa au kuzidiwa katika miaka 8 kati ya 10, yaani mm 450.

V = C × P × A = 0.05 × 0.45 × 14,200,000 = m³ 319,500

V ni ujazo wa maji, P ni mvua kwa mita na A ni eneo la kidakio kwa m². Mgawo C wa 0.05, yaani sehemu ya mvua inayotiririka hadi lamboni, ni dhana, na ndio namba dhaifu kuliko zote humu. Tumeushusha makusudi: udongo mweusi wa mbugani hupasuka kiangazi, na mvua za kwanza huishia kwenye nyufa. Ukishuka hadi 0.03, yataingia m³ 191,700, bado yanatosha kujaza ujazo uliopendekezwa wa m³ 180,000.

Mvukizo wa Mei hadi Novemba umechukuliwa kuwa mita 1.2. Kwa uso wa maji wa wastani wa hekta 5, hupotea m³ 60,000, theluthi ya lambo. Ndiyo maana tunasisitiza lichimbwe kina badala ya kutanuliwa.

4.3 Mafuriko ya usanifu

Kwa mvua ya mm 118 (mara moja katika miaka 100), ikidhaniwa kunyesha yote kwa saa 3, na namba ya mkunjo (CN) 78, inayoonyesha kiasi ambacho ardhi hutiririsha maji badala ya kuyanyonya, mtiririko ni mm 61 na kilele ni m³ 80 kwa sekunde. Wazee walituonyesha shina la mbuyu lilikofika maji ya El Niño ya 1997/98, mita 1.6 juu ya sakafu ya korongo. Kwa kanuni ya Manning ya mtiririko wa maji katika mkondo, kina hicho ni takriban m³ 56 kwa sekunde. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi lamboni, usanifiwe kwa m³ 80 kwa sekunde. Kuupunguza ili kuokoa gharama ni kuhatarisha tuta na kaya zilizo chini yake.