Kalamu mkononi, majibu mbali

Mkuu wa Shule, walimu wetu, mlezi wa Klabu ya Fizikia, na ninyi wenzangu wa Kidato cha Nne, shikamooni walimu, na wenzangu habari za asubuhi.

Matokeo ya moku mmeyaona ubaoni. Nimewasikia wengi mkisema, "Mbona pasti pepa tumesoma zote?" Naamini mmesoma. Tatizo ni hilo neno: tumesoma. Mwaka jana mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilifungua mtihani wa mwaka fulani, nikafungua na majibu pembeni, nikasoma swali, nikasoma jibu, nikasema "ah, hili nalijua", nikageuza ukurasa. Kwa usiku mmoja nilimaliza miaka mitatu. Kwenye mtihani wa mwisho wa Kidato cha Tatu nilipata 38. Hiyo ni D, kwa kuwa C inaanzia 45. Mkono wangu haukuwahi kukokotoa hata swali moja hadi mwisho.

Kwa hiyo leo naomba jambo moja kwenu: swali moja kwa siku, kalamu mkononi, daftari limefungwa, saa mezani. Moja tu. Ukikwama, usikimbilie jibu. Andika ulichopewa, andika kinachotafutwa, chora mchoro, kaa nalo dakika kumi. Ukishindwa kabisa ndipo ufungue majibu, na jibu ukishalielewa ulifunge, uanze upya kwenye ukurasa mweupe.

Kisha jisahihishe kwa ukali. Hapa ndipo tunapojidanganya sana. Chukueni penduli, ule uzi na kitufe chake tunaoufunga kwenye stendi maabara. Tunahesabu muda wa mibembeo 20, tunatafuta T, tunachora grafu ya T² dhidi ya urefu l, na kwa kuwa T² = 4π²l/g, mteremko wa mstari unatupa g. Uzi wa sentimita 50 unatumia kama sekunde 28 kwa mibembeo 20. Mwenzetu mmoja kwenye moku alisahau kugawa kwa 20. Grafu yake ilinyooka vizuri sana, ila g ikatoka 0.024, akaiandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Jamani, kwa g hiyo chaki ikidondoka kutoka kwenye dari hili la mita 3 ingefika sakafuni baada ya sekunde 16 hivi! Nyote mmeona chaki ikianguka. Haifikishi hata sekunde moja. Sekunde tano za kujiuliza "jibu hili linawezekana?" zingemwokoa. Na aliyepata 980 naye alikuwa amepima kwa sentimita, halafu akaandika mita.

Makosa ya namna hii yanajirudia, na ndiyo maana nataka kila mmoja awe na daftari la makosa. Daftari dogo la kurasa 48 linatosha. Usiandike jibu sahihi peke yake. Andika ulikosea wapi, kwa maneno yako: "nilisahau kugawa", "sikubadili gramu kuwa kilo", "swali lilisema eleza, mimi nikataja tu". Hilo la mwisho linatukata alama nyingi kuliko hesabu. Baada ya wiki moja, rudia swali lile lile bila kuchungulia. Likikushinda tena, hamna aibu, lipange wiki ijayo.

Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana kwenye tovuti yao. Humo wanaonyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Mimi nazithamini kuliko majibu yanayouzwa mtaani, ambayo mengine yamekosewa, na tunayakariri na makosa yake. Mwalimu mlezi amekubali kutuchapishia nakala mbili za Fizikia, zitakaa maktaba.

Najua wengine mnasema muda umekwenda, mtihani ni Novemba. Leo ni Julai. Swali moja kwa siku, hata ukiacha Jumapili, ni zaidi ya maswali 80 kabla ya kuingia chumbani. Anayesubiri Oktoba atalazimika kukesha, na usiku wa kukesha hauingizi maswali 80 mkononi.

Tunaanza Jumatatu, prepo ya saa moja na nusu usiku, maabara ya Fizikia. Tutafanya swali moja la joto, dakika 20, kimya. Kisha mtabadilishana madaftari na jirani, msahihishane. Waliopata chini ya 30, tafadhali njooni mkae meza za mbele, mimi nitakaa nanyi. Kila mmoja aje na rula, kikokotoo, karatasi ya grafu na lile daftari la kurasa 48.

Asanteni sana.