Pampu Imekufa
(Ngonjera ya mkutano wa kijiji)

Wahusika: Binti ambaye ni mwanafunzi; Mzee ambaye ni babu yake; Muuguzi wa zahanati; Mtunza Hazina wa jumuiya ya watumia maji.

BINTI (ana ndoo kichwani):
Shikamoo babu yangu, natoka kule mtoni,
Ndoo hii ya mwenzangu, na hii yangu kichwani,
Nayasema kwa uchungu, nachelewa darasani,
Pampu imekufa, babu, mbona nyote mwanyamaza?

MZEE:
Marahaba mjukuu, jambo hilo si la kwetu,
Walochimba ni wakuu, hawakuomba cha mtu,
Waje tena toka juu, watutengezee chetu,
Maji yatoka kwa Mungu, kwa nini niyalipie?

BINTI:
Ni kweli maji ya Mungu, lakini pampu huchoka,
Mpira tu, babu yangu, ndio uliokatika,
Tukichanga kwa mafungu, kesho fundi atafika,
Pampu imekufa, babu, mbona nyote mwanyamaza?

MZEE:
Maji ya pale mtoni, zamani tulitumia,
Nimeyanywa ujanani, uzee nimefikia,
Sina shilingi nyumbani, mahindi nasubiria,
Maji yatoka kwa Mungu, kwa nini niyalipie?

MUUGUZI:
Baba, wewe umepona, wafu hukuwahesabu,
Kipindupindu twaona, maji hayo ni sababu,
Vyoo, mto, huungana, masika yapo karibu,
Wanaoletwa usiku, ni mimi nawapokea.

Kwa sasa hayo ya mto, chemsheni yatokote,
Dakika nzima ya moto, vijidudu vife vyote,
Ndipo mnyweshe mtoto, chombo kifunikwe pote,
Wanaoletwa usiku, ni mimi nawapokea.

MZEE (anasimama):
Hayo yote nasikia, la fedha laniumiza,
Mwaka jana nilitia, hesabu mkanyamaza,
Leo mnanirudia, mfuko upi najaza?
Nionyesheni kitabu, ndipo mniombe tena.

MTUNZA HAZINA:
Baba, hiyo ni halali, hatukusoma hesabu,
Fedha hazikwenda mbali, zimo ndani ya kitabu,
Risiti zote kamili, ulizeni, nitajibu,
Nazibandika shuleni, kila mtu azisome.

BINTI:
Mimi nitakusomea, babu, bila kudondosa,
Mavuno ukingojea, debe moja ndiyo pesa,
Kisima kikirejea, kengele sitaikosa,
Pampu imekufa, babu, wewe nawe wanyamaza?

MZEE:
Sinyamazi, mjukuu, debe langu hesabuni,
Niandikwe pale juu, wa kwanza ukurasani,
Ila ombi langu kuu, hesabu zitangazeni,
Maji yatoka kwa Mungu, pampu nitailipia.

WOTE:
Ijumaa ni kuchanga, Jumamosi fundi aje,
Uzio tutaufunga, ng'ombe wetu wabaki nje,
Asiye hata na unga, jembe lake lisingoje,
Pampu ikianza, babu, ndoo ya kwanza ni yako.